Faili Lililofunguliwa Alfajiri

Modesta alikuwa na siri moja hapa Njombe, na aliitunza vizuri kuliko pesa. Alikuwa anatumia dawa za kufubaza virusi. Mwaka wa sita sasa, kidonge kimoja kila usiku, afya tele, mashavu yamejaa. Dawa zenyewe hakuzichukua Njombe mjini, ambako kila muuza nyanya anamjua kwa jina la mama yake. Alizichukua Makambako, kwenye kliniki ya misheni, kwa muuguzi mmoja aitwaye Sista Judith. Zaidi ya huyo, hakuna aliyejua. Hata mama yake mzazi hakujua.

Sasa sikia mambo yalivyo na vituko. Modesta huyo huyo ndiye aliyejenga mfumo wa kompyuta unaotunza mafaili ya kliniki ile. Kampuni yao ndogo ilikuwa mtaa wa Ramadhani, Njombe mjini, ghorofani, juu ya duka la mbolea, na harufu ya mbolea walishaizoea hadi wakienda nyumbani wanaona kama hewa imepungukiwa kitu. Walikuwa watatu tu: bosi wao Hilario, Modesta, na Jastin, kijana mwenye akili nyingi na subira kidogo. Mafaili yalikaa kwenye wingu, yaani kompyuta za kukodi zilizo nchi za mbali, na kila mteja alikuwa na faili lake lenye namba badala ya jina nje. Ndani ndimo mlimokuwa na jina, kijiji na dawa.

Jumatatu hiyo ukungu ulikuwa umelala barabarani, na Modesta alikuwa bado hajavua koti Hilario alipoingia na simu mkononi, uso umempauka.

"Nilikuwa msibani Ipelele tangu Ijumaa," alisema. "Kule mtandao hakuna, mnajua. Nimefika Makete mjini alfajiri hii simu ikaanza kulia kama imepandwa na mashetani. Someni wenyewe."

Lilikuwa onyo kutoka kwa wenye wingu, lililotumwa Ijumaa mchana. Lilisema ufunguo wenu mmoja wa kuingilia umeonekana hadharani, ufungeni mara moja. Ufunguo wenyewe si chuma, ni maandishi mawili marefu ambayo programu huyatumia kubisha hodi. Anayeyashika, mlango hauulizi yeye ni nani.

Jastin alisoma, akakaa chini taratibu.

"Ni mimi," alisema.

Na kweli ilikuwa ni yeye. Makarani wa kliniki walikuwa wakisahau nywila kila mwezi na kumpigia simu hadi akiwa kanisani, katikati ya mahubiri. Akachoka. Akaandika mwongozo mzuri wa kutoa ripoti, pamoja na programu ya mfano, akauweka kwenye ukurasa wa wazi mtandaoni ili kila karani aupakue bila kuomba ruhusa. Ndani ya programu ile ya mfano alisahau ufunguo halisi. Kuna watu duniani kazi yao ni kuchungulia kurasa kama hizo usiku na mchana, tena hawachungulii kwa macho, wana programu za kuchungulia. Hazikuchukua muda.

"Nimeua," Jastin alisema. "Jamani, nimewaua wale watu."

Modesta alisikia neno "wale watu" likipita kifuani kwake. Akalimeza.

"Bado hujaua mtu," alimwambia. "Toa huo mwongozo, halafu uje hapa. Kwanza tufunge, kisha tuangalie alifanya nini."

Jastin alitaka kufuta kila kitu, ufunguo, mtumiaji na programu. Modesta akamshika mkono. Ukifuta unafuta na nyayo, alisema, zima tu. Wakazima ufunguo. Jastin akashusha pumzi akidhani yamekwisha, na hapo Modesta akamwonyesha jambo ambalo wengi hulikosea. Ufunguo ule ulikuwa na ruhusa ya kuvaa kofia. Kofia walikuwa wakiita wao zile ruhusa za muda: programu huivaa, hupewa kitambulisho kipya cha saa chache, hufanya kazi, huivua. Mwizi akishavaa kofia, kuzima ufunguo wa kwanza hakumvui. Basi wakatoa amri kwamba kila aliyevaa kofia ya matengenezo kabla ya saa hiyo akataliwe. Hapo ndipo ikawa imefungwa.

Hilario alikuwa amesimama dirishani. "Mimi nataka kujua kitu kimoja," alisema. "Mafaili ya wateja yamesomwa au hayajasomwa? Kama yamesomwa, nitakwenda Makambako leo leo niwaambie watu. Sitawaficha. Lakini nataka kujua, sitaki kubahatisha."

Hilo ndilo lilikuwa swali, na kwa Modesta lilikuwa na swali jingine ndani yake. Kama mafaili yamesomwa, basi jina lake liko mikononi mwa mtu asiyemjua, na kesho laweza kubandikwa popote, na mama yake aje alisome kwenye simu ya jirani. Aliwasha kompyuta.

Wingu lina tabia moja nzuri. Kila hodi inaandikwa: nani kabisha, kwa ufunguo upi, kutoka anwani gani, kaomba nini, kapewa au kanyimwa. Jastin alifungua sehemu wanayokusanyia kumbukumbu hizo na kukuta zimekatika Ijumaa jioni.

"Amezima kumbukumbu," alisema, sauti imepanda. "Hatuna kitu."

"Amezima zile tunazokusanya sisi," Modesta alisema. "Kuna daftari la wenye wingu wenyewe. Hilo linaandika miezi mitatu nyuma, na hakuna mteja wao anayeweza kulizima wala kulifuta. Ila halina maneno mengi. Linaandika maagizo makubwa, haliandiki kila faili lililosomwa."

Wakaanza. Walitafuta kwa jina la ufunguo uliovuja, na mwizi akaanza kuonekana mstari kwa mstari. Kwanza aliuliza "mimi ni nani hapa?", swali wanaloanza nalo wote. Akaomba orodha ya hifadhi. Akajaribu kuunda mtumiaji mpya, akanyimwa. Akavaa kofia ya matengenezo. Baada ya hapo ufunguo ule ukanyamaza.

"Kaondoka," Jastin alisema.

"Hajaondoka, kabadili nguo. Chukua kitambulisho alichopewa na kofia, tafuta kwa hicho."

Wakamkuta tena, sasa ana nguvu. Huyo ndiye aliyezima kumbukumbu. Aliunda mtumiaji aliyempa jina la heshima, kama fundi wa huduma kwa wateja, na kumpa ufunguo wake mwenyewe ili arudi siku nyingine. Modesta akauzima huo nao. Wakamfuata hadi kwenye mikoa mingine ya wingu, yaani vituo vyake vya nchi nyingine, maana kila mkoa una daftari lake, na asiyejua hilo hutazama kwake tu akaridhika. Huko mbali walikuta kompyuta kubwa kubwa alizoziwasha za kuchimbia sarafu za mtandaoni, zinaunguruma kwa jina la kampuni ya watu watatu iliyo juu ya duka la mbolea. Hilario alishika kichwa. Wakazipiga picha kwa ajili ya ushahidi, wakazizima.

"Na mafaili?" Hilario aliuliza.

Hapa inabidi nikurudishe nyuma kidogo.

Katika kliniki ile, kabati la mafaili ya wanaotumia dawa lina ufunguo wake, na haukai msumarini pamoja na mingine. Unakaa kwenye uzi, ndani ya gauni la muuguzi wa zamu wa kliniki hiyo. Hata daktari mkuu akitaka faili, anamwomba. Ni desturi yao, wameianza tangu enzi ambazo mtu alikuwa akijulikana anafukuzwa nyumba. Siku Modesta alipokwenda kuwaonyesha mfumo mpya, Sista Judith alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Na nyie mafundi, ufunguo mtakuwa nao?"

Modesta akajibu ndiyo, kwa ajili ya matengenezo.

"Basi hamjatujengea kabati," Sista alisema. "Mmetujengea dirisha."

Modesta alirudi Njombe amenuna. Jastin alinuna zaidi. Lakini walijenga alivyotaka: mafaili yale yakafungwa kwa kufuli lake la siri, na kanuni ya kufuli ikasema anayeruhusiwa kulifungua ni mwenye kofia ya kliniki tu, na kofia hiyo huvaliwa na kompyuta ya Sista baada ya yeye mwenyewe kuingia. Matengenezo hayana ruhusa. Tangu siku hiyo, faili likikwama inabidi mtu apande kosta hadi Makambako akalitazame huku Sista amekaa pembeni. Jastin aliilaani desturi ile kila alipolipa nauli.

"Daftari haliandiki faili likisomwa," Modesta alisema polepole, kama anajieleza mwenyewe. "Lakini linaandika kufuli likiombwa kufunguka. Hakuna namna ya kusoma faili lile bila kuliomba kufuli. Kwa hiyo tumwache mwizi. Tuanzie kwenye kufuli, tuone kila aliyeligusa tangu Ijumaa, awe nani awe nani."

Alitafuta. Mistari ikashuka kwenye skrini. Ijumaa jioni, kofia ya matengenezo, kunyimwa. Kunyimwa. Kunyimwa. Mwizi alikuwa ameyagonga mafaili, moja baada ya jingine, na kufuli limemkatalia kila moja. Alijaribu hata kubadili kanuni ya kufuli, akanyimwa. Modesta akakagua na kofia ya kliniki yenyewe, kama kuna aliyebadili orodha ya wanaoruhusiwa kuivaa. Hakuna.

Jastin alianza kucheka, kicheko cha mtu aliyekuwa analia moyoni. Kisha akaacha.

"Hii ni nini?"

Jumamosi. Kofia ya kliniki. Imekubaliwa. Mafaili machache yamefunguliwa, moja baada ya jingine. Saa ya daftari ilisema saa nane na dakika hamsini za usiku.

"Hiyo ni saa ya Griniwichi," Hilario alisema. "Ongeza tatu."

"Nikiongeza inakuwa saa kumi na moja na dakika hamsini alfajiri. Bosi, kliniki inafunguliwa saa mbili. Nani yuko kliniki alfajiri? Kapata na kofia ya kliniki, huyo."

"Anwani?"

"Kwenye kufuli haionekani, inaandika kwamba ombi limetoka ndani ya wingu lenyewe, maana hifadhi ndiyo inayomwombea mtu. Pale kofia ilipovaliwa kuna anwani ya mtandao wa simu wa hapa nchini. Lakini anwani ya nchi yoyote unaikodi, siku hizi hata mtoto anajua." Jastin alijifuta uso. "Tuandike kwamba haya yamesomwa. Ndiyo haki. Tuandike namba zake, waitwe wahusika."

Modesta alisogea karibu na skrini. Alikuwa anaisoma namba ya faili la kwanza. Aliijua namba ile kama anavyoijua tarehe yake ya kuzaliwa. Ilikuwa yake.

Na alijua nani alikuwa kliniki alfajiri ile. Alikuwa yeye. Alilala gesti Makambako usiku wa Ijumaa, akatoka kabla hakujapambazuka, shuka la kimasai begani na kofia ya sufu imefunika nyusi, akawa wa kwanza kwenye benchi la nyuma. Sista Judith huwafungulia mlango wa nyuma, Jumamosi moja moja, wale wasiotaka kuonekana na watu wa sokoni. Hakuna bango linalosema hivyo. Ni huruma yake tu.

Basi jibu la swali la Hilario alikuwa nalo mdomoni. Faili halikuibwa, lilifunguliwa yeye mwenyewe akiwa mbele ya Sista anapimwa uzito. Ilibaki kulisema. Na kulisema ilikuwa kusema yote, hapa, mbele ya Jastin ambaye hana breki ya mdomo. Na kunyamaza kulimaanisha watu wachache wasio na hatia waitwe, waambiwe kwamba mwizi wa ng'ambo anajua siri yao, waanze kuishi na hofu ambayo si ya kweli. Alijua hofu ile inavyokula mtu. Aliogopa, na sitamsingizia ushujaa ambao hakuwa nao dakika ile.

"Tumpigie Sista kwanza," alisema.

Hilario akapiga, akaweka sauti kubwa, akaiweka simu mezani. Sista Judith aliitikia kwa sauti yake ile isiyo na haraka. Hilario akamweleza yote, bila kupunguza, na kosa la ufunguo akasema ni la kampuni, hakumtaja Jastin. Kisha akauliza kuhusu Jumamosi alfajiri.

"Nilikuwa mimi," Sista alisema.

"Alfajiri yote ile, Sista?"

"Mwanangu, kuna watu wangu siwezi kuwaambia waje saa mbili. Nafungua mapema, nawahudumia, wanaondoka. Mafaili hayo niliyafungua mimi mwenyewe, na kila mmoja alikuwa amekaa mbele yangu. Nisomee namba."

Jastin akazisoma, akianzia ya mwisho. Sista akawa anasema "ndiyo" baada ya kila moja. Alipofika ya kwanza, Modesta alishika ukingo wa meza.

"Ndiyo," Sista alisema. "Huyo alikuja wa kwanza."

"Tunaweza kumuuliza mhusika mmoja tu athibitishe?" Jastin aliuliza. "Kwa ajili ya ripoti."

"Hamuwezi," Sista alisema. "Andikeni muuguzi kathibitisha. Na huyo Modesta yupo hapo?"

"Nipo, Sista. Shikamoo."

"Marahaba, mama. Pole na kazi. Ulilifunga vizuri kabati letu."

Akakata simu. Modesta alitoka hadi koridoni, akasimama karibu na ndoo ya maji, akalia kimya kimya kwa shukrani. Alilia kwa ajili ya uzi ule ulioko ndani ya gauni, na kwa kununa kwake kwa siku ile alipoambiwa amejenga dirisha. Angemgomea Sista siku ile, leo jina lake lingekuwa limeshasafiri.

Keshoye walikwenda Makambako. Hilario alisema wateja lazima waambiwe hata kama hakikupotea kitu, maana mlango wao uligongwa. Jastin akaomba aende yeye kuomba radhi, na Modesta akafuatana naye kueleza. Ilikuwa siku ya kliniki. Watu walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, wamejifunika mashuka kwa baridi, na Sista Judith aliwataka wasikilize.

"Kamwene," Modesta alisalimia kwa Kibena.

"Kamwene," wakaitikia.

Jastin alisimama, akasema kosa ni lake, hakujitetea. Alisema aliacha ufunguo mahali pa wazi kwa uvivu wa kupigiwa simu, na kwamba anaomba msamaha. Sauti ilimkatika njiani lakini alimaliza. Kisha Modesta akaeleza jinsi mwizi alivyoingia, alivyobadili nguo, alivyogonga kabati na kabati likamkatalia, kila jina. Alieleza kwa maneno mepesi, kama anavyomweleza mama yake mambo ya simu.

Mwanamke mmoja mtu mzima, Bibi Letisia, mkulima wa viazi mwenye mikono mikubwa, alimtazama muda mrefu.

"Mwanangu, umesema vizuri," alisema. "Lakini nyie watu wa kompyuta mnakuja na maneno, mnaondoka. Majina si yenu. Tukikuamini na ikawa si kweli, wewe unapoteza nini?"

Sista Judith alimgeukia Modesta, akatikisa kichwa kidogo sana, kumwambia kwamba halazimiki. Mlangoni Jastin alikuwa amesimama, anasikia kila kitu.

Modesta aliwaangalia watu wale. Ndio aliokuwa akiwakimbia alfajiri, miaka sita, na kofia ya sufu machoni. Akashangaa kwamba haogopi tena kama jana. Mtu aliyelindwa vile na wenzake, alifikiri, anabaki na deni la kukaa nao.

"Jina langu limo, bibi," alisema. "Limo kwenye kabati hilo hilo. Mwizi aliligonga kama alivyogonga lako. Ndiyo maana nilitafuta mpaka mwisho."

Mtu mmoja alikohoa. Jastin aliinamisha kichwa, na alipokiinua macho yalikuwa mekundu.

Bibi Letisia alivuta shuka lake, akajisogeza, akawagusa waliokuwa pembeni yake.

"Sogeeni," alisema. "Mwenzetu akae."